Asilimia 2 iliyo ghali kuliko asilimia 3

Mama mmoja mwenye mgahawa alikuja dawatini kwangu na karatasi mbili alizozikunja ndani ya daftari la hesabu. Alitaka kununua friza, akahitaji shilingi 1,200,000 za kurejesha kwa miezi 12. Taasisi ya kwanza ilimwandikia riba ya asilimia 2 kwa mwezi, ya pili asilimia 3. "Mwanangu, mimi nishaamua," akaniambia, "ila nimeona nipite hapa kwanza nisije nikaingia kausha damu." Alikuwa ameamua ile ya asilimia 2, na nadhani wengi wetu tungeamua hivyohivyo.

Nikamwomba karatasi ya asilimia 2. Chini kabisa palikuwa na rejesho: shilingi 124,000 kila mwezi. Kwenye ile ya asilimia 3 rejesho lilikuwa shilingi 120,555. Akazitazama, akazigeuza, akaniuliza kama kuna aliyekosea kuandika. Hakuna aliyekosea. Miezi na mkopo ni vilevile, na ile yenye asilimia ndogo ndiyo inayomtoa pesa nyingi zaidi.

Tofauti iko kwenye swali ambalo karatasi hazikulijibu waziwazi: asilimia ya nini?

Taasisi ya kwanza inatumia riba ya moja kwa moja, ambayo maafisa mikopo wengi huiita riba ya flati. Hapo riba hupigwa kwenye mkopo wote ulioandikwa siku ya kwanza, na haibadiliki mpaka mkopo unaisha. Asilimia 2 ya 1,200,000 ni shilingi 24,000. Zidisha kwa miezi 12, unapata riba ya shilingi 288,000. Jumlisha na mkopo, gawa kwa 12, ndiyo hiyo 124,000: laki moja ya deni la msingi na 24,000 ya riba, kila mwezi.

Sasa tazama mwezi wa 12. Mama ameshalipa deni la msingi mara 11, amebakiwa na laki moja tu. Bado anatozwa riba ya 24,000, sawasawa na siku alipokuwa ameshika 1,200,000 zote. Kwa mwezi huo mmoja, riba aliyolipa ni asilimia 24 ya deni alilobaki nalo. Analipia kodi ya nyumba ambayo vyumba 11 ameshavirudisha.

Taasisi ya pili inatumia riba inayopungua, yaani riba hupigwa kwenye salio la deni tu. Mwezi wa kwanza salio ni 1,200,000, na asilimia 3 yake ni shilingi 36,000. Katika rejesho la 120,555, hizo 36,000 zinakwenda kwenye riba na 84,555 zinapunguza deni. Mwezi wa pili salio ni 1,115,445, kwa hiyo riba inashuka kuwa kama 33,460, na fungu la kupunguza deni linakua. Rejesho halibadiliki, ila kilichomo ndani yake kinabadilika kila mwezi. Mwezi wa mwisho riba inakuwa kama shilingi 3,500. Ukijumlisha miezi yote unapata riba ya karibu shilingi 246,650, yaani pungufu kwa zaidi ya 41,000 ukilinganisha na ile "nafuu".

Kuna taasisi za riba inayopungua, hasa baadhi ya SACCOS, ambazo hugawa deni la msingi sawasawa, hivyo rejesho lenyewe hushuka mwezi hadi mwezi. Usishangae ukikuta hivyo. Msingi ni uleule.

Ili kulinganisha riba mbili ni lazima ziwe kwenye kipimo kimoja. Mwenye simu au kompyuta yenye Excel au Google Sheets anaweza kuandika hivi:

```
=RATE(12,-124000,1200000)
```

Ya kwanza ni idadi ya marejesho, ya pili ni rejesho lenyewe likiwa na alama ya kutoa, ya tatu ni pesa uliyopewa. Ukionyesha desimali nne, jibu ni 0.0348, yaani karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Hiyo ndiyo riba halisi ya ile asilimia 2. Asiye na kompyuta akumbuke tu kwamba kwa mkopo wa mwaka mmoja unaorejeshwa kila mwezi, kiwango halisi cha riba ya moja kwa moja huwa karibu mara 1.7 au 1.8 ya tarakimu iliyoandikwa. Kipimo hiki hakifai kwa kila mkopo. Mkopo unaolipwa wote kwa mara moja mwisho wa mwezi hauna tofauti yoyote kati ya njia hizi mbili, kwa sababu deni halikupungua katikati.

Nisieleweke kwamba riba ya moja kwa moja ni wizi. Ni rahisi kuihesabu hata kwenye kikao cha kikundi chini ya mwembe, na ikiwa ndogo inaweza kushinda. Asilimia 1 ya moja kwa moja kwa mkopo huu ni riba ya 144,000, wakati asilimia 2 inayopungua ni kama 161,660. Tatizo ni kuzilinganisha kwa macho.

Kabla hajaondoka nilimwuliza mama swali moja: mkononi utapokea shilingi ngapi? Akapiga simu palepale. Taasisi ya asilimia 2 ilikuwa inakata ada ya asilimia 3 kabla ya kutoa pesa, yaani 36,000. Angepokea 1,164,000 na kurejesha kana kwamba amepewa 1,200,000. Weka 1,164,000 kwenye hesabu ile, riba halisi inapanda hadi karibu asilimia 4 kwa mwezi. Bima ya mkopo na fomu za maombi nazo hufanya kazi hiyohiyo. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019, zinakupa haki ya kuelezwa gharama hizi kabla ya kusaini, kwa hiyo kuziuliza si usumbufu.

Swali jingine ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamechelewa ni la kumaliza deni mapema. Kwenye riba inayopungua, mama akipata pesa baada ya rejesho la sita, salio lake ni kama 653,000. Angeendelea hadi mwisho angelipa 723,000 na ushei, kwa hiyo anaokoa kama 70,000. Kwenye riba ya moja kwa moja, taasisi nyingine hudai marejesho sita yote yaliyobaki, yaani 744,000, kwa sababu riba ya mwaka mzima ilishaandikwa kama deni tangu siku ya kwanza. Hapo kuharakisha hakumpunguzii hata senti. Nyingine husamehe riba ya miezi iliyobaki. Mkataba ndio unaosema, na mara nyingi ni sentensi moja katika ukurasa ambao mteja husaini bila kusoma.

Mama alizikunja tena karatasi zake, akairudisha ile ya asilimia 3 ndani ya daftari. Nyingine aliandika nyuma yake bei za mchele na mafuta za siku hiyo.