Mto Kati ya Magoti: Mbona Mgongo Bado Unauma?

Wengi wanaofika kwenye kliniki yetu ya tiba ya viungo hapa Kisumu wakilalamikia mgongo wameshaambiwa, na jirani au na daktari, walale na mto kati ya magoti. Wamejaribu siku mbili tatu, mto ukaanguka chini ya kitanda, maumivu yakabaki palepale, wakaacha. Ushauri wenyewe ni mzuri. Kinachokosewa ni namna mto unavyowekwa.

Ukilala kiubavu, mguu wa juu hauna pa kuegemea. Usingizi ukishakolea, goti linateleza mbele na kushuka mpaka liguse godoro. Paja likishuka, linaivuta nyonga ya juu nayo igeuke mbele, ilhali mabega yamebaki yalipokuwa. Kiuno ndicho kinachosokotwa katikati. Ukikaa hivyo dakika chache hakuna neno, lakini mtu mwenye mgongo mbovu akikaa hivyo saa nne au tano, ataamka amekakamaa.

Nyonga nayo ina kesi yake. Papasa ubavuni, chini ya kiuno, utagusa mfupa uliojitokeza. Kano za misuli ya makalio zimejishikiza hapo. Paja la juu likivuka kuelekea godoroni, kano hizo zinavutwa na kubanwa juu ya mfupa huo. Ndiyo maana mtu anaweza kuamka akiumwa na nyonga ambayo hata hakuilalia.

Chukua mfano wa mama wa miaka 50 na kitu anayeuza mitumba Kibuye. Kutwa yuko kwa miguu, akiinama na kuinuka juu ya rundo la nguo. Anaumwa kiuno upande wa kulia, na ubavu wa nyonga hiyohiyo hauguswi. Kwa hiyo hulala kwa ubavu wa kushoto, na bado saa tisa usiku yu macho. "Daktari, huo mto wenu nimeuweka, haunisaidii," alisema.

Tulimwomba apande kitandani alale kama anavyolala kwake. Akachukua mto mdogo, akaubana kati ya magoti. Ukimtazama kutoka mbele, yuko sawa. Ukienda upande wa miguu ndipo unaona shida: goti la juu limeinuliwa vizuri, lakini mguu kuanzia hapo unashuka, na kifundo kinalalia kitanda. Goti likiwa juu na kifundo kikiwa chini, mfupa wa paja unazunguka ndani ya nyonga, na zile kano zinaendelea kuvutwa. Mto ulikuwa umefanya nusu ya kazi.

Hakuhitaji kununua kitu. Tulikunja blanketi kwa urefu, tukalilaza kuanzia juu kidogo ya goti hadi kwenye kifundo, ili mguu wote uwe na pa kulala. Unene tuliupima kwa macho: mtu asimame upande wa miguu, aangalie kama goti na kifundo vya mguu wa juu viko kimo kimoja na nyonga. Vikiwa chini, ongeza mkunjo. Mwenye nyonga pana huhitaji blanketi nene kuliko anavyodhani. Magoti yakunjwe kiasi tu, si kuyavuta hadi kifuani. Ili blanketi lisitoroke usiku, ncha yake moja iingie kati ya mapaja. Wengine hulifunga kwa leso kwenye mguu mmoja, na si vibaya mradi leso isibane.

Mkono wa juu tuliupa mto wa kukumbatia, kwa sababu bega likianguka mbele linausokota mgongo kutokea juu. Na mto wa kichwa ujaze nafasi iliyoko kati ya sikio na godoro, shingo isipinde kwenda juu wala chini.

Baada ya wiki kama mbili alirudi akasema bado anaamka, ila siku hizi anageuka bila kushika ubao wa kitanda, kisha analala tena. Hayo ndiyo matokeo ya kawaida. Mkao mzuri hupunguza mbano wa usiku, hauponyi kano, kwa hiyo mazoezi ya kuimarisha makalio yaliendelea.

Kuna wanaoshauriwa kulala sakafuni au kwenye godoro gumu kama ubao. Mimi huwa nawakataza, hasa wenye maumivu ya nyonga. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti kutoka Uhispania uliowafuata watu 313 wenye maumivu sugu ya mgongo kwa siku 90. Waliopewa godoro la ugumu wa wastani walipungukiwa na maumivu kitandani kuliko waliopewa godoro gumu. Godoro gumu ndilo ulilonalo? Ukilala kiubavu, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita bila kugusa kitu, kunja leso au taulo, uijaze nafasi hiyo. Godoro la sponji lililobonyea katikati lina shida ya pili, nyonga inazama na mgongo unapinda. Hilo lizungushe, pa kichwani pawe pa miguuni, na kama shimo halijaondoka, limekwisha.

Anayependa kulala chali aweke mto chini ya magoti. Miguu ikikunjika kidogo, kiuno kinashuka na kutulia. Lakini hapa kuna mtego. Ikiwa kinachouma ni goti lenyewe, kwa mfano goti la mzee lililolika gegedu, mto huo huleta raha ya leo na kero ya kesho. Goti likikunjwa usiku kucha kwa miezi, linapoteza uwezo wa kunyooka kabisa, na goti lisilonyooka humchosha mtu anapotembea. Mwenye goti hilo autumie mto kwa muda tu usingizi ukimjia, kisha auondoe, na asubuhi alinyooshe goti mara kadhaa kabla ya kusimama. Aliyebadilishiwa goti kwa upasuaji asiuweke kabisa, isipokuwa ameelekezwa na waliompasua.

Kulala kifudifudi ndio mkao mgumu zaidi kwa kiuno na shingo. Asiyeweza kuuacha aweke mto mwembamba chini ya tumbo, usawa wa kitovu kushuka.

Kuamka nako kuna utaratibu. Usiku diski za mgongo hufyonza maji na kuvimba kidogo, kwa hiyo asubuhi mgongo huwa mgumu na hauvumilii kuinamishwa. Usiinuke kwa kukaa wima ghafla. Kunja magoti, geuka ubavu mwili mzima kwa pamoja, teremsha miguu huku ukijisukuma kwa mikono. Kuinama kufua au kufagia kwa ufagio mfupi kusubiri saa moja hivi.

Yote haya ni ya maumivu yanayobadilika ukibadili mkao. Maumivu yasiyojali umelalaje, yanayokuja na homa, jasho la usiku au kupungua uzito, yanahitaji uchunguzi, kwani kifua kikuu huweza kushambulia mgongo hata mtu akiwa hakohoi. Kijana anayeamshwa na mgongo usiku wa manane, akakakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, kisha akapata nafuu akitembea, huenda ana ugonjwa wa uvimbe wa viungo, na mito haitamsaidia. Na ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, au miguu ikalegea, nenda hospitali usiku huohuo.