"Kwahiyo Imechacha?" Tatizo la Neno Uchachu Kwenye Kahawa

Majuzi nilikaa kijiweni Kariakoo na pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro, kwenye lebo kuna Kiswahili kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza, kimeandikwa "uchachu mzuri, ladha ya zambarau". Mzee mmoja akaisoma, akaiweka chini, akauliza, "Kwahiyo imechacha?"

Na ana haki jamani. Kwetu kinachochacha ni maziwa na wali wa jana. Sisi waonjaji wa kahawa tukisema uchachu tunamaanisha asidi ya kwenye tunda, ile inayofanya mate yajae mdomoni, na hiyo ni sifa, wanunuzi wanailipia kabisa. Pwani tuna neno lake, ugwadu, ule wa embe bichi na ukwaju. Mtu wa bara akishangaa mwambie ukali wa ndimu ataelewa, ila usiishie kwenye "kali" peke yake maana pilipili kali, tangawizi kali, ndimu kali na chai kali ni vitu vinne tofauti, na anayetafsiri kwenda Kiingereza lazima aulize kwanza ni ukali upi.

Sasa hiyo zambarau. Lebo ya mwanzo ya Kiingereza ilitaja blakikaranti, tunda ambalo wengi wetu tunalijua kwenye soda tu, mtafsiri akaona rangi zinafanana akaweka zambarau. Lakini zambarau ina ukakasi! Inakausha ulimi kama bibo. Kwenye chai ya rangi ukakasi wa kiasi tunautaka, ndo unaoipa chai uhai, ila kwenye kahawa ukizidi mara nyingi tunashuku matunda yalichumwa mabichi. Yaani neno moja limegeuza sifa kuwa kasoro.

Ukitaka kutofautisha, onja maji ya ndimu, kisha chai ya rangi iliyokaa na majani dakika kumi bila sukari, halafu kahawa ya dele. Ndimu inaleta mate, chai inakausha ulimi, kahawa inaacha uchungu kooni, na uchungu huo kijiweni sio kosa, kashata ipo kwa kazi hiyo.

Ile pakiti tuliionja upya, gramu 8.25 za unga kwa mililita 150 za maji ya kama nyuzi 93, dakika nne tukavunja utando wa juu, tukasubiri ipoe. Usiandike kitu ikiwa ya moto sana, ugwadu unajitokeza ikishakuwa vuguvugu. Tukaandika: "ugwadu kama juisi ya choya, utamu wa sukari guru, haina ukakasi". Choya inatafsirika vizuri tu, waonjaji wa nje nao wanaitaja kwenye kahawa.

Nikamrudishia mzee na kikombe. Akanywa, akanyamaza kidogo. "Choya naisikia," akasema, "ila mbona nyepesi hivi?"