Tozo za bandari: 2,870,000

Mama mmoja anayeuza vigae Kariakoo alinitumia picha ya ankara ya wakala wake wa forodha. Kontena moja la futi 20 kutoka China, mzigo ulishafika dukani na vigae vimeanza kuuzwa. Chini ya picha aliandika: "Mwanangu, hii ya bandari mbona hatukuongea?"

Kwotesheni aliyopewa mwanzoni ilikuwa na mistari mitatu tu: kodi kwa makadirio ya TRA, malipo ya wakala, na usafiri hadi dukani. Ankara ilikuja na mistari tisa. Mingi haikunisumbua. Kodi inasomeka kwenye makadirio yenyewe na imelipwa kwa kontrol namba, kwa hiyo ni kulinganisha tarakimu. Delivari oda, yaani kibali cha wakala wa meli cha kuchukua mzigo, nayo ina risiti yake. Pale angalia tu dola imebadilishwa kwa kiwango gani. Mstari uliomkera ni wa sita: "Tozo za bandari 2,870,000". Hakuna maelezo, hakuna tarehe.

Nilifanya kazi ofisi ya wakala miaka kadhaa kabla ya kuhamia upande huu wa kukagua ankara, kwa hiyo naujua mstari huo. Ni kapu. Kila kilicholipwa kati ya meli na geti kinatupwa humo, na kisicholipwa nacho wakati mwingine kinadondokea humo humo.

Nilimwambia jambo ambalo hakulipenda. "Mama, kutotajwa kwenye kwotesheni hakufuti deni." Wofeji, yaani tozo ya mzigo kupita gatini, ni ya mwenye mzigo, awe ameambiwa au hakuambiwa. Hendilingi vilevile: kontena halijibebi. Wakala aliyeficha gharama hizo ili bei yake ionekane ndogo amekosa uungwana, lakini akileta risiti halali utalipa. Ugomvi wa maana uko kwingine: je, fedha hiyo ililipwa kweli, ililipwa mara moja, na nani aliisababisha?

Basi akamwandikia wakala ujumbe mfupi niliomsaidia kuutunga: "Kaka, naomba mchanganuo wa mstari wa sita, kila malipo na risiti yake, zenye namba ya kontena langu. Naomba pia nakala ya TANSAD na hati ya kutoka getini." Tuliacha kuandika neno "wizi". Ukianza na tuhuma utajibiwa kwa tuhuma, na risiti hutaziona.

Siku mbili baadaye mchanganuo ukaja. Wofeji 940,000. Hendilingi bandari kavu 412,000. Storeji 826,000. "Uhamisho na hendilingi" 412,000. "Ufuatiliaji" 280,000. Jumla inatimia 2,870,000 kamili.

Wofeji ilikuwa safi: kontrol namba ipo, jina la mama lipo, namba ya hati ya shehena inafanana. Tukasonga mbele.

Zile 412,000 mbili ndizo zilizonifanya nivae miwani. Risiti ya kwanza ilikuwa picha nzima. Ya pili ilikatwa juu na chini, imebaki katikati tu, pale penye kiasi. Risiti ya EFD ina msimbo wa uhakiki sehemu ya chini, ambao unauingiza kwenye verify.tra.go.tz pamoja na saa ya risiti, na yenyewe inakuonyesha nani alitoa, lini, kiasi gani. Tukaomba picha nzima ya ile ya pili. Ilipokuja, msimbo ni ule ule na saa ni ile ile. Risiti moja, imepigwa picha mara mbili, imeandikwa kwa majina mawili. Wakala alisema ni makosa ya kijana wa ofisini. Inawezekana, nimewahi kuwa kijana huyo, na ukiwa na makontena kumi ya wateja saba mezani, risiti zinachanganyika. Ila zikichanganyika, sijawahi kuona zikimpunguzia mteja.

"Ufuatiliaji" haukuwa na karatasi. Kumfuatilia karani ndiyo kazi aliyolipiwa wakala kwenye mstari wake mwenyewe wa malipo ya uwakala. Na kama fedha hiyo iliingia mfukoni mwa mtu, mteja hawezi kutakiwa airudishe kwa ankara.

Storeji, yaani tozo ya kontena kukaa bandari kavu, ndiyo iliyotuchukua muda, kwa sababu risiti ilikuwa halali kabisa. Siku 14, kila siku 50,000, ni 700,000. Ongeza VAT asilimia 18, unapata 826,000. Hapo swali si kama ililipwa. Swali ni siku 14 zilitoka wapi, na jibu liko kwenye tarehe.

Siku za bure ziliisha 10 Machi, na kontena likatoka getini 24 Machi. Sasa rudi nyuma. Mama alikabidhi hati zote, pamoja na hati halisi ya shehena, 25 Februari. Ujumbe wa Wasap upo, na wakala alijibu "zimefika mama". TANSAD, ile hati ya tamko la forodha, imesajiliwa 14 Machi. Tamko linaruhusiwa kuwasilishwa hata kabla meli haijafika, lakini hili lililala siku 17. Makadirio yakatoka 15 Machi. Mama akalipa kodi 17 Machi, na ruhusa ya TRA ikatoka 18 Machi. Halafu kontena likakaa hadi tarehe 24 likisubiri lori, na lori lilikuwa la wakala.

Kwa hesabu yangu siku mbili ni za mama, kati ya makadirio na malipo yake. Zilizobaki ni za wakala. Yeye alibisha kwamba tarehe 15 hadi 18 ni mwendo wa kawaida wa kazi. Ni kweli, ila mwendo huo ungeanza mapema ungeishia ndani ya siku za bure. Mama hakutaka kuvutana. Akakubali kubeba siku nne, wakala akabeba kumi. Siku nne pamoja na VAT ni 236,000.

Kulikuwa na kitu kingine ambacho mama hakukiona, kwa sababu kilikaa chini kabisa ya ankara. Wakala alitoza VAT asilimia 18 juu ya malipo yake, sawa, na juu ya mstari wa sita pia: 516,600. Lakini kile alicholipa kwa niaba yako si mauzo yake, na storeji ilikuwa imeshakatwa VAT na bandari kavu. Alikuwa anatoza kodi juu ya kodi. Kwa aliyesajiliwa VAT kama mama kuna la ziada: risiti za bandari ziombwe kwa jina na TIN yake, la sivyo kudai VAT yake TRA kunakuwa kazi.

Kwa hiyo 3,386,600 iliyodaiwa, ukijumlisha na hiyo VAT, ikashuka: wofeji 940,000, hendilingi 412,000, storeji 236,000. Mama akalipa 1,588,000. Ilisaidia sana kwamba mzigo ulikuwa umeshatoka. Kontena likiwa bado ndani, kila siku ya kubishana inaongeza storeji, na wakala analijua hilo kuliko wewe.

Dimareji, yaani tozo ya kuchelewa kurudisha kontena, haikuwemo kwenye mstari huo, na haikupaswa kuwemo. Hiyo ni ya kampuni ya meli, na inahesabiwa hadi kontena tupu lirudishwe. Nilimuuliza mama kama amepewa hati ya kurudisha kontena. Akanyamaza kidogo. "Hiyo nayo ipo?"

Jumatatu akaiomba.