Pawabenki ya sola: 20,000 mAh inachaji simu mara ngapi?

Ukiuza pawabenki ya sola ya 20,000 mAh, usiandike kwamba inachaji simu ya 5,000 mAh mara 4. Hesabu hiyo ndiyo inayorudisha wateja dukani wakiwa na hasira.

Hiyo 20,000 ni ya seli za ndani, ambazo hufanya kazi kwa volti 3.7, ilhali USB inatoa volti 5. Ndiyo maana mimi huhesabu kwa wati-saa: 20,000 mAh ni ampea-saa 20, mara 3.7, unapata wati-saa 74. Saketi inayopandisha volti hula sehemu na kuigeuza joto, kwa hiyo zinazotoka ni kama 63. Simu ya 5,000 mAh hubeba wati-saa 19, lakini nayo hupoteza inapochajiwa, hivyo itavuta kama 22. Gawanya 63 kwa 22: chaji kamili 2, na ya tatu haifiki mwisho.

Kwenye paneli ya mgongoni ndiko uongo ulikozidi. Paneli ya ukubwa wa kiganja hutoa wati 1 hivi. Siku ya jua zuri ina nguvu sawa na saa 5 za jua kali la utosini, basi unavuna wati-saa 5 kwa siku. Kujaza 74 kutachukua wiki mbili za jua lisilokatika. Mavuno ya siku moja hayafikishi hata robo ya chaji ya simu, ila yanawasha taa ya pawabenki ya wati 1 kwa takribani saa 4 usiku. Mwambie mteja hivyo, kwa sababu hiyo ndiyo faida yake ya kweli.

Mwambie pia asiianike juu ya bati wala kuiacha kwenye dashibodi ya gari. Seli za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikipita nyuzi 45 za Selsiasi. Zikizoea joto hilo hupungua uwezo, kisha huvimba. Ukiona kasha limeanza kuachia pembeni, isichajiwe tena.

Kabla ya kununua mzigo, pima uzito. Seli ya duara ya 18650 ina gramu 45 hadi 48, na zilizo bora hubeba kama 3,500 mAh. Pawabenki ya 50,000 mAh ingehitaji seli kama hizo 15, karibu gramu 700 bila kasha. Ikiwa na gramu 250, namba hiyo ni ya uongo, hata kama taa zake zote nne zinawaka.

Tangazo langu lingesomeka hivi: “20,000 mAh (74 Wh). Inajaza simu ya 5,000 mAh mara 2 na zaidi ya nusu. Ichaji kwa umeme. Sola ni ya dharura: siku nzima ya jua kali, saa 4 za taa.”