Dola sifuri, shilingi laki nane na arobaini elfu: ankara za fedha za kigeni kwa mwagizaji wa vigae

Mwishoni mwa Juni nilikuwa nikifunga hesabu za mteja wangu wa Dar es Salaam anayeagiza vigae kutoka Foshan, Uchina, na katika leja ya wasambazaji nikakuta salio lililonisimamisha. Msambazaji alikuwa amelipwa dola zake zote, kwa hiyo safu ya dola ilionyesha sifuri, lakini safu ya shilingi ilionyesha kwamba bado anadai 840,000. Deni la dola likiisha, shilingi zake nazo hazina budi kuisha. Zikibaki, kuna hatua iliyofanywa nusu.

Nitaieleza oda yenyewe, na viwango nimeviviringa ili hesabu isomeke kwa urahisi. Ankara ilikuwa ya dola 40,000. Tarehe 12 Aprili mteja alilipa malipo ya awali ya dola 12,000, kiwango kikiwa 2,600, yaani shilingi 31,200,000. Tarehe 20 Mei mzigo ulipakiwa melini kwa masharti ya FOB, ambapo mnunuzi huubeba mzigo kwa hatari yake tangu unapopakiwa, na ankara ikaingizwa kwa 2,650. Tarehe 31 Mei kiwango cha kufungia mwezi kilikuwa 2,680, na tarehe 18 Juni alimalizia dola 28,000 zilizobaki kwa 2,640.

Deni la dola 28,000 ni kitu cha kifedha kwa maana ya IAS 21, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa fedha za kigeni, kwa sababu litalipwa kwa idadi maalumu ya dola. Kwa hiyo kila siku ya mizania ni lazima lionyeshwe kwa kiwango cha siku hiyo. Tarehe 20 Mei lilikuwa shilingi 74,200,000, na tarehe 31 Mei lilikuwa 75,040,000, hivyo hasara ya 840,000 iliingia kwenye akaunti ya hasara ambazo bado hazijatimia. Hadi hapo karani wa mteja hakukosea lolote, kwani alifungua Exchange Rate Revaluation, hati ya uthaminishaji katika mfumo wake wa uhasibu wa ERPNext, akaweka kiwango kipya, na hati ya leja ikatoka sawasawa.

Kosa lilitokea Juni. Malipo yanapounganishwa na ankara, mfumo huyalinganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye ankara yenyewe, si na thamani iliyopandishwa mwisho wa mwezi. Mfumo uliona deni la 74,200,000 likilipwa kwa 73,920,000, ukaandika faida ya 280,000 na kuifunga ankara. Zile 840,000 za Mei zilibaki zikielea, kwa kuwa hakuna aliyegeuza hati ya uthaminishaji tarehe 1 Juni. Baada ya kuigeuza, Mei ilibaki na hasara ya 840,000, Juni ikapata faida ya 1,120,000, na miezi hiyo miwili ikijumlishwa inatoa faida ya 280,000, ambayo ndiyo tofauti halisi kati ya siku ya ankara na siku ya malipo. Ipo mifumo mingine inayohifadhi thamani mpya kwenye ankara yenyewe, na huko hati haigeuzwi. Ukiigeuza katika mfumo wa namna hiyo, utapata salio kama hilohilo upande wa pili, kwa hiyo jaribu kwanza kwa ankara moja ndogo ili uujue mfumo wako.

Kwa ERPNext, swali hili fupi huyatoa masalio ya aina hiyo kwa msambazaji mmoja mmoja, nami hulitumia kila mwezi kabla ya kufunga:

```sql
SELECT party,
  SUM(credit_in_account_currency - debit_in_account_currency) AS usd,
  SUM(credit - debit) AS tzs
FROM `tabGL Entry`
WHERE account = 'Creditors USD - KM'
  AND is_cancelled = 0
  AND posting_date <= '2025-06-30'
GROUP BY party;
```

Mstari wenye `usd` sifuri na `tzs` isiyo sifuri unahitaji maelezo. Hata pale ambapo dola zipo, gawanya shilingi kwa dola: baada ya kuthaminisha, jibu liwe kile kiwango cha kufungia mwezi. Likija jibu kama 2,655 wakati umefunga kwa 2,680, kuna ankara au malipo yaliyoingizwa baada ya uthaminishaji kufanyika.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalopotosha hesabu za waagizaji wengi, kwa sababu haliachi salio lolote la ajabu. Zile dola 12,000 za Aprili si deni. Mteja hatarudishiwa dola, bali atapewa vigae, kwa hiyo si kitu cha kifedha na hazithaminishwi upya. IFRIC 22, ufafanuzi wa IAS 21 kuhusu malipo ya awali, inaeleza kwamba sehemu ya bidhaa iliyolipiwa mapema hubaki na kiwango cha siku ya malipo hayo. Lau karani angethaminisha akaunti nzima tarehe 30 Aprili kwa 2,620, angejiandikia faida ya 240,000 isiyokuwapo. Ndiyo maana ninataka malipo ya awali yakae kwenye akaunti yake, nje ya Creditors, na mstari wake ufutwe katika orodha ya uthaminishaji kabla ya hati kuwasilishwa. Hali hubadilika pale tu oda inapovunjika na msambazaji akatakiwa kurudisha fedha, maana tangu hapo ni dai la dola na linathaminishwa kama madai mengine.

Matokeo yake kwenye gharama ya vigae ni haya. Dola 12,000 kwa 2,600 na dola 28,000 kwa 2,650 zinatoa shilingi 105,400,000. Mfumo ulizidisha dola zote 40,000 kwa 2,650, ukaingiza stoku ya 106,000,000, kisha malipo ya awali yalipounganishwa na ankara ukaandika tofauti ya 600,000 kuwa faida ya ubadilishaji. Mwenye duka akaona faida ambayo kwa kweli ni gharama ya vigae iliyokuzwa. Tangu hapo tunamwomba msambazaji atoe ankara mbili, moja ya dola 12,000 tunayoiingiza kwa kiwango cha Aprili na nyingine ya salio kwa kiwango cha siku ya kupakia, na tofauti hiyo haizaliwi kabisa.

Karani aliniuliza kama angetumia kiwango cha forodha kilichoandikwa kwenye TANSAD, hati ya tamko la forodha la Tanzania. Hapana. Kiwango hicho ni cha kukadiria ushuru na VAT, na shilingi za ushuru huingia kwenye gharama ya mzigo kupitia Landed Cost Voucher kama zilivyolipwa. VAT inayodaiwa kurudishwa haiingii humo. Deni la msambazaji halihusiani na kiwango hicho.

Kuhusu zile 600,000, theluthi moja ya vigae ilikuwa imekwisha kuuzwa tulipogundua. Tuliipunguza faida ya ubadilishaji kwa 600,000, tukapunguza gharama ya mauzo kwa 200,000 na stoku kwa 400,000. Ile 200,000 ilipita kwa hati ya kawaida ya leja. Ile 400,000 haikuweza kupita hivyo, kwa kuwa ERPNext inayotunza stoku moja kwa moja hairuhusu hati hiyo kugusa akaunti ya ghala, kwa hiyo tulitumia Stock Reconciliation, tukashusha bei ya kila boksi lililobaki, na tukaweka akaunti ya faida ya ubadilishaji kwenye Difference Account.