Kazi ya usiku isiyoanza haina meseji ya kutuma

Skripti nyingi ninazokagua hapa Kampala zina mtindo mmoja: kazi ya usiku ikikwama, inatuma barua pepe. Sawa, lakini kama seva ilikuwa imezimika, nani atatuma hiyo barua? Na hata ikiwa imewaka, `cron` kwenye Debian hutupa matokeo ya kazi kama hakuna programu ya kutuma barua iliyosakinishwa, halafu inaandika mstari mmoja kwenye logi ambayo hakuna anayeisoma.

Chukulia chama cha akiba na mikopo pale Jinja. Wanachama wake, waendesha bodaboda na wachuuzi wa sokoni, huweka akiba kwa simu mpaka usiku. Saa nane usiku seva inavuta miamala ya jana kutoka kwa mtoa huduma ya pesa za simu na kuiingiza kwenye akaunti zao. Kufikia saa tisa kawaida imeshamaliza. Dirisha hufunguliwa saa mbili asubuhi.

Umeme ukikatika saa saba usiku na seva ikarudi saa kumi, `cron` hairudii kazi iliyopitwa na wakati wake. Inasubiri kesho. Asubuhi mfumo unafunguka vizuri kabisa, na anayegundua tatizo ni mwanachama anayeuliza pesa zake za jana zimekwenda wapi. Ukitumia taima ya systemd yenye `Persistent=true`, kazi itaanza mara seva itakapowaka. Hiyo inatibu umeme tu. Haitibu kazi ya juzi iliyoning'inia huku kufuli lake likizuia ya leo, wala mstari wa crontab uliofutwa na mtu.

Ndiyo maana napendelea kugeuza utaratibu: kazi itume ishara ikifaulu, na mashine nyingine, iliyo nje ya jengo hilo, ipige kengele ishara isipofika. Healthchecks.io hufanya hivyo, ila hata skripti ndogo kwenye seva nyingine inatosha.

```bash
set -euo pipefail
timeout 90m ./vuta_miamala.sh
./hakiki.sh
curl -fsS -m 10 --retry 3 "$URL_YA_ISHARA"
```

Kwa Jinja ningeweka mwisho wa kusubiri saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kazi iliyochelewa inapata nafasi ya kumaliza, na fundi anabaki na zaidi ya saa mbili kabla ya dirisha kufunguliwa. Kengele iende kwenye simu ya mtu mmoja wa zamu. Ukiituma kwenye kundi la watu kumi, kila mmoja ataamini mwenzake ameiona.

Mstari wa `hakiki.sh` ndio unaorukwa mara nyingi, na ndio wenye kazi kubwa. Programu inaweza kumaliza na namba 0 bila kufanya lolote la maana. `pg_dump | gzip` bila `pipefail` hurudisha jibu la `gzip` peke yake: dampu ikifeli mwanzoni, unabaki na faili ya baiti 20 na hakuna anayelalamika. Vivyo hivyo mtoa huduma akirudisha orodha tupu, skripti itaingiza miamala sifuri kwa furaha zote. Kwa hiyo hesabu kilichoingia:

```sql
SELECT count(*) FROM miamala
WHERE tarehe =
  (now() AT TIME ZONE 'Africa/Kampala')::date - 1;
```

Kwa nini nisiandike `current_date - 1`? Kwa sababu hifadhidata nyingi zimewekwa kwenye UTC, saa tatu nyuma yetu. Saa nane usiku ya Kampala, huko bado ni saa tano usiku ya jana, kwa hiyo hesabu ingeangalia juzi, ambako data ipo tayari, na ishara ingetumwa. Kibaya zaidi, fundi akiijaribu kwa mkono asubuhi, baada ya saa tisa usiku kupita, tarehe zinakuwa zimelingana na hoja inatoa jibu sahihi. Hitilafu hiyo inaonekana usiku tu.

Matokeo nayalinganisha na siku ileile ya wiki katika wiki nne zilizopita, maana Jumapili haifanani na Ijumaa. Yakiwa chini ya nusu ya idadi ndogo kuliko zote nne, `hakiki.sh` inafeli na ishara haitumwi. Sikukuu kama Idi itapiga kengele ya bure. Naikubali; kushusha kizingiti kwa ajili ya sikukuu chache ni kujiziba masikio mwaka mzima.

Kabla ya kuwasha haya yote, hakikisha kurudia kazi hakumwingizii mwanachama akiba mara mbili. Weka kizuizi cha upekee kwenye namba ya muamala ya mtoa huduma, tumia `ON CONFLICT DO NOTHING`, na salio lihesabiwe kutoka kwenye miamala yenyewe. Halafu weka alama ya `#` mbele ya mstari wa crontab usiku mmoja bila kumwambia wa zamu, uone kama simu yake italia. Akipiga kukuuliza, ondoa alama na umwache airudishe kazi mwenyewe.