Kingatiba ya kichocho: tiki kwenye daftari haijafika tumboni

Chukulia utafiti wa mfano katika shule za msingi za ufukweni mwa Ziwa Victoria, kuanzia Ilemela hadi Ukerewe. Shule zilizoangukiwa na kura zinapewa kingatiba ya kichocho, nyingine zinasubiri. Baada ya mwaka choo cha watoto kinapimwa kichocho, na pande zote mbili hazipishani.

Dhana: Basi dawa haifanyi kazi.

Ukweli: Bado hatujui. Huenda watoto hawakuimeza. Huenda waliimeza, wakaambukizwa tena ziwani wakichota maji au wakioga, maana prazikwanteli, dawa yenyewe ya kingatiba hii, huua minyoo iliyokomaa, si ile michanga, wala haimkingi mtoto kesho yake. Choo kikipimwa wiki tatu hivi baada ya kumeza, nguvu ya dawa yenyewe inaonekana. Kipimo cha mwaka mzima kinachanganya dawa na maambukizi mapya, na bila kumbukumbu za siku ya ugawaji huwezi kuvitenganisha.

Dhana: Daftari linaonyesha asilimia 85 ya watoto wamepata dawa, kwa hiyo lengo la kufikia asilimia 75 limevukwa.

Ukweli: Hesabu vidonge. Tuseme shule ina watoto 400, na 340 wamewekewa tiki. Dozi ni miligramu 40 kwa kila kilo, kidonge kina miligramu 600, kwa hiyo mtoto wa kilo 30 anameza viwili. Wastani ukiwa huo, vilitakiwa vitumike 680. Kopo la 1,000 limebaki na 520, yaani vimetoka 480 tu. Vinatosha watoto 240, asilimia 60.

Au wote 340 walipewa, ila pungufu. Kopo haliwezi kukuambia ni lipi. Ndiyo maana mtafiti anapaswa kuwepo siku yenyewe: fimbo ya kupimia urefu, inayoonyesha mtoto apewe vidonge vingapi, ilitumika, au mwalimu alikadiria kwa macho? Uji ulipikwa? Kidonge ni kikubwa na kichungu, na mtoto asiyekula hutapika au huogopa, akakificha shavuni akakitema nje. Mwalimu anayemwambia "fungua mdomo nione" anafanya kazi ambayo tiki haiwezi kufanya.

Baada ya siku chache watoto waulizwe, na waulizwe majumbani. Aliyekosa siku ya dawa kwa sababu yuko mwaloni akianika dagaa, darasani hutamkuta wiki hiyo pia.

Dhana: Shule zilizogawa vibaya ziondolewe kwenye hesabu.

Ukweli: Hapana. Shule inayogawa vizuri mara nyingi ina mahudhurio mazuri, pengine na maji ya bomba, na hayo peke yake hupunguza kichocho. Ukibakiza hizo tu, umeharibu kura. Jibu kuu lihesabu kila shule pale kura ilipoiweka. Kisha, kwa vigezo vya ugawaji vilivyoandikwa kabla matokeo hayajafunguliwa, eleza kwa nini jibu limekuwa hivyo.

Dhana: Kichocho kikishuka, hayo yote hayana haja.

Ukweli: Wilaya itakayotaka kuiga itaiga nini? Kama timu ya utafiti ndiyo iliyonunua unga wa uji na kusimamia kila foleni, hilo lazima liandikwe.